Kuwasilisha pendekezo la hisa mbele ya chama cha uwekezaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya vyama vya uwekezaji vya Mombasa vinavyonunua hisa katika Soko la Hisa la Nairobi. Tumechagua mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho: hisa ya benki inayouzwa chini ya thamani yake ya vitabuni, yaani mtaji wa wenyehisa kwa kila hisa. Ndilo pendekezo linaloletwa sana vikaoni, na ndilo linalopitishwa kwa haraka kuliko yote. Benki yenyewe ni ya kubuni, tunaiita Benki A, na tarakimu zake ni za mfano. Sheria za soko na za Benki Kuu tunazozitaja ni za kweli.

Pendekezo liwe na urefu gani?

Kurasa mbili, na dakika kumi na tano za kuzungumza. Karatasi iwafikie wanachama siku tatu kabla ya kikao, ili dakika hizo zisiishie kwenye kusomeana. Historia ya benki, idadi ya matawi yake na jina la mkurugenzi mkuu visizidi mistari mitatu. Mwasilishaji anayetumia dakika nane kueleza benki ilianzishwa lini huwa hana hoja.

Mstari wa kwanza kabisa useme mwasilishaji anataka nini: kununua hisa ngapi, kwa bei isiyozidi ngapi, na zikae kwa muda gani. Mstari wa pili useme kama yeye mwenyewe au jamaa yake wa karibu tayari ana hisa hizo. Kuwa nazo si kosa. Kosa ni wanachama kuja kulijua jambo hilo baada ya kupiga kura.

Hoja ni nini hasa? Si ni kusema kwamba kampuni ni nzuri?

La. Kampuni nzuri inaweza kuwa hisa mbaya ikiwa kila mtu sokoni ameshaujua uzuri wake na kuulipia. Hoja ina sehemu tatu: soko linaamini nini, sisi tunaamini nini tofauti, na tarakimu gani itaonyesha nani yuko sahihi. Kwa Benki A hoja inaandikwa hivi:

"Benki A inauzwa shilingi 36, ilhali mtaji wa wenyehisa ni shilingi 60 kwa kila hisa. Bei hii inaonyesha kwamba soko linatarajia mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kama ilivyopangwa, iendelee kupanda. Sisi tunaona imeshafika kileleni: katika robo tatu zilizopita imeshuka kutoka shilingi bilioni 66 hadi 63, kisha 60. Ikiendelea kushuka, benki itabaki ikipata faida ya asilimia 15 juu ya mtaji wa wenyehisa, na soko litairekebisha bei ndani ya miezi 18."

Hapo kuna kitu cha kupimwa. Ukisoma hoja na usione tarakimu inayoweza kuikanusha, irudishe kwa mwenyewe kabla ya kikao.

Tarakimu hizo tunazipata wapi?

Benki za Kenya hulazimika kuchapisha hesabu zao kila robo mwaka, ndani ya miezi miwili baada ya robo kuisha, na zile za mwaka mzima zilizokaguliwa ndani ya miezi mitatu. Kwa hiyo karatasi mpya hutoka kufikia mwisho wa Mei, Agosti, Novemba na Machi. Mengi ya hayo hutokea magazetini na kwenye tovuti ya benki yenyewe.

Wengi husoma faida na mgao tu, kisha hufunga. Shuka mpaka chini, kwenye sehemu ya maelezo mengine. Huko ndiko kuna mikopo chechefu kwa jumla, riba iliyosimamishwa, yaani riba ya mikopo hiyo ambayo benki haijaihesabu kuwa mapato, akiba iliyotengwa kwa hasara ya mikopo, mikopo iliyopewa wakurugenzi na wafanyakazi, na viwango vya mtaji na ukwasi.

Mikopo chechefu imeshuka. Si habari njema moja kwa moja?

Hapa ndipo mapendekezo mengi ya benki huteleza, kwa hiyo tutakaa kidogo. Mikopo chechefu hushuka kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa. Ya kwanza, wakopaji wameanza kulipa, au benki imeuza dhamana na kupata pesa zake. Ya pili, benki imekata tamaa na kuifuta mikopo hiyo vitabuni.

Kuzitofautisha, weka akiba ya hasara kando ya mikopo chechefu kwa robo zilezile. Tuseme mikopo chechefu ya Benki A ilishuka kutoka bilioni 66 hadi 60, na akiba nayo ikashuka kutoka bilioni 36 hadi 30. Vyote viwili vimepungua kwa bilioni 6. Huo ni mwelekeo wa kufuta: hakuna aliyelipa, benki imetumia akiba yake kusafisha vitabu. Lakini kama akiba ilikuwa bilioni 30 na imebaki bilioni 30 huku mikopo chechefu ikipungua, kuna uwezekano mkubwa kwamba pesa zimerudi. Thibitisha kwenye ripoti ya mwaka, katika jedwali linaloonyesha akiba ilivyosogea kutoka mwanzo wa mwaka hadi mwisho. Kiasi kilichofutwa huandikwa humo peke yake.

Usitegemee asilimia pekee. Benki ikikopesha kwa kasi, mikopo chechefu ikilinganishwa na mikopo yote huonekana kupungua hata kama haijapungua shilingi moja. Angalia shilingi kwanza.

Katika mfano wetu akiba imebaki bilioni 30, kwa hiyo hoja imepita mtihani huu.

Hatari tuziandike vipi? Kila pendekezo lina orodha ileile: uchumi, siasa, ushindani.

Orodha hiyo haina kazi kwa sababu haimwambii mwanachama atapoteza kiasi gani. Chukua hatari mbili au tatu, na kila moja uipe bei.

Hatari kubwa ya Benki A ni akiba kuwa haitoshi. Mikopo chechefu ni bilioni 60. Ondoa riba iliyosimamishwa, bilioni 10, na akiba, bilioni 30. Zinabaki bilioni 20 zinazotegemea dhamana: viwanja, majumba, mitambo. Tuseme nusu ya dhamana hiyo haiuziki. Benki itatenga bilioni 10 zaidi, na baada ya nafuu ya kodi ya asilimia 30 hasara ni bilioni 7. Benki ina hisa bilioni 2, kwa hiyo ni shilingi 3.50 kwa kila hisa. Faida ya mwaka huo inaanguka kutoka shilingi 9 hadi 5.50, na mgao wa shilingi 3 unaweza kukatwa au kusitishwa. Sasa mwanachama anajua hatari ina sura gani.

Hatari ya pili ni sheria. Si ya kinadharia: kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019 Kenya ilikuwa na kikomo cha riba za mikopo, kisichozidi pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na hisa za benki zilianguka mara tu Rais alipotia saini. Hatari ya namna hii haitabiriki. Kinga yake ni kuwa na kikomo cha pesa za chama zinazowekwa katika sekta moja.

Ya tatu ni mtaji. Benki Kuu inadai mtaji wa msingi usiopungua asilimia 10.5 ya mali zilizopimwa kwa hatari, na mtaji wote usiopungua asilimia 14.5. Benki iliyo karibu na mipaka hiyo inaweza kuwaomba wenyehisa pesa zaidi au kuacha kutoa mgao, hata kama inatangaza faida.

Hisa ya shilingi 36 yenye thamani ya vitabuni ya shilingi 60 si bei ya kutupa?

Si lazima. Thamani ya vitabuni ni mtaji wa wenyehisa, na mtaji huo una maana kulingana na faida unayozaa. Benki inayopata asilimia 9 juu ya mtaji wake, wakati hatifungani ya serikali inatoa asilimia 13 bila jasho, inastahili kuuzwa chini ya vitabu. Soko halijakosea hapo.

Njia tunayoipendekeza kwa benki ni hii:

```
Thamani = Vitabu x (F - U) / (D - U)
```

F ni faida juu ya mtaji wa wenyehisa, U ni ukuaji wa muda mrefu, na D ni faida ambayo chama kinadai kwa mwaka ili kikubali kuingia katika hatari hiyo. Kupata D, anza na riba ya hatifungani kisha uongeze malipo ya hatari. Katika mfano wetu, asilimia 13 na 5 zinatoa 18. Ukuaji tunauweka asilimia 6.

Hali ya kati: F ni asilimia 15. Kumi na tano toa sita ni tisa. Kumi na nane toa sita ni kumi na mbili. Tisa kwa kumi na mbili ni 0.75, na mara 60 inatoa shilingi 45. Mambo yakiharibika na F ikawa asilimia 12, thamani inashuka hadi shilingi 30. Yakinyooka na F ikafika asilimia 17, inapanda hadi shilingi 55.

Tazama jinsi pointi tatu tu za faida zinavyoondoa theluthi ya thamani. Ndiyo maana swali la mikopo chechefu lilistahili muda wote ule. Na mtu akikuletea thamani moja tu, tuseme "45", mwulize ile ya chini ni ngapi.

Basi tununue kwa 36?

Hesabu gharama kwanza. Kadiria asilimia 2 ya ada za dalali na soko unaponunua, na asilimia 2 tena unapouza. Dalali wako atakupa kiwango kamili. Hisa ya 36 inakugharimu shilingi 36.72. Ukiiuza 45 unabaki na 44.10. Mgao mmoja wa shilingi 3, baada ya kodi ya asilimia 5 inayokatwa kwa mkaazi, ni 2.85. Faida inayotokana na kupanda kwa bei ya hisa zilizoorodheshwa sokoni haitozwi kodi ya faida ya mtaji, kwa hiyo hapo hakuna makato.

Hali ya kati inatoa takriban asilimia 28 kwa miezi 18. Hali nzuri, takriban 55. Hali mbaya, bila mgao, ni hasara ya asilimia 20. Sasa zipe uzito. Tuseme mwasilishaji anaamini hali mbaya ina nafasi 3 katika 10, ya kati 5, na nzuri 2. Jumla yake inatoa takriban asilimia 19. Hatifungani ya asilimia 13 kwa miezi hiyohiyo 18 ingetoa asilimia 19.5 kabla ya kodi.

Kwa maneno mengine, kwa shilingi 36 chama kinabeba hatari ya benki na kulipwa kama mkopeshaji wa serikali. Rudia hesabu kwa bei ya shilingi 33 na wastani unapanda hadi karibu asilimia 30, zaidi ya asilimia 27 ambayo kiwango chetu cha 18 kwa mwaka kinadai. Kwa hiyo pendekezo sahihi ni: "Tununue hisa 5,000 kwa bei isiyozidi 33, ikibaki juu ya hapo, tusubiri." Wanachama wengi huona jibu la kusubiri kama kikao kilichopotea bure. Kinyume chake, chama sasa kina bei, na dalali anaweza kuwekewa agizo lenye kikomo.

Uzito ule wa 3, 5 na 2 ni maoni, si sayansi. Uandikwe, ili mwanachama asiyeukubali aseme ni upi angeubadilisha na kwa nini. Mjadala wa namna hiyo hufika mahali.

Masharti ya kuuza yaandikwe lini?

Kabla ya kura, kwenye karatasi ileile. Baada ya kununua, kila mtu hugeuka wakili wa hisa aliyoinunua.

Masharti yanatoka ndani ya hoja yenyewe. Hoja ilisema mikopo chechefu imefika kileleni; basi ikirudi juu ya bilioni 66 katika ripoti yoyote ya robo mwaka, hoja imekufa na hisa zote zinauzwa ndani ya siku 10 za soko. Hoja ilisema faida juu ya mtaji itakuwa asilimia 15. Mwaka mzima ukifungwa chini ya 12, tunauza. Mtaji wa msingi ukishuka chini ya asilimia 12, tunauza bila kusubiri ufike 10.5, kwa sababu bei itakuwa imeshaanguka kabla ya hapo.

Upande wa furaha nao unahitaji sharti. Bei ikifika 45 tunauza nusu. Nusu nyingine haibaki kwa mazoea: mtu alete karatasi mpya yenye thamani mpya, la sivyo nayo inauzwa. Miezi 18 ikipita bila hoja kutimia wala kuvunjika, hisa inauzwa au inapendekezwa upya tangu mwanzo, kama vile chama hakijawahi kuimiliki.

Kila sharti liwe na jina la mwanachama anayelikagua na mwezi wa kulikagua. Sharti lisilo na mtu halikaguliwi.

Kwa nini tusiseme tu "ikishuka asilimia 15 tuuze"?

Kwa sababu kwenye soko letu hisa nyingi huuzwa kwa uchache, na muuzaji mmoja mwenye haraka anaweza kuiteremsha bei bila chochote kubadilika ndani ya kampuni. Bei inaweza kusogea hadi asilimia 10 kwa siku moja. Hisa pia hushuka inapoacha kubeba haki ya mgao uliotangazwa, na chama kisichofuatilia tarehe hiyo kitauza kwa hofu ya kitu ambacho ni malipo yake chenyewe.

Kushuka kwa bei tunakufanya kengele ya kuitisha kikao. Kwa mfano: ikifika 27, tukutane ndani ya siku 7 na tupitie hoja mstari kwa mstari. Tangazo la kushuka kwa faida ni jambo jingine. Kampuni iliyoorodheshwa hulazimika kutangaza inapotarajia faida yake ya mwaka kushuka kwa asilimia 25 au zaidi, na tangazo hilo lipewe sharti lake.

Wanachama kadhaa hawataki hisa za benki kwa ajili ya riba. Tufanyeje?

Hili kwetu Mombasa haliepukiki, na kikao cha kura si mahali pa kulimaliza. Liamuliwe kwenye katiba ya chama. Chama kinachofuata vigezo vya kisharia huanza na biashara yenyewe: benki inayokopesha kwa riba hutoka hapo hapo, kwa hiyo Benki A isingefika mezani. Kampuni nyingine hupimwa kwa deni lenye riba, ambalo kwa kawaida halitakiwi kuzidi takriban asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na kwa mapato yasiyo halali, yasizidi asilimia 5. Sehemu hiyo ya mgao hutolewa sadaka.

Vyama vingine hugawa mifuko miwili, kila mwanachama akachagua wake. Inawezekana, lakini ni hesabu mbili na kura mbili, na mwekahazina aulizwe kwanza kama ataziweza.

Nani aulize maswali, na kura ipigwe vipi?

Mteueni mwanachama mmoja mapema awe mpinzani rasmi, apewe karatasi siku zilezile tatu kabla, na kazi yake iwe kutafuta mstari dhaifu kuliko yote. Bila hivyo, ikiwa mwasilishaji ni mzee wa chama anayeheshimika, vijana watanyamaza na ukimya utaandikwa kuwa umekubalika.

Kabla ya mjadala kila mmoja aandike kwenye karatasi bei ya juu ambayo angelipa. Zikusanywe, zisomwe bila majina. Mkiona majibu kati ya 25 na 40, hamjaelewana kuhusu hoja, na kura isubiri.

Mwanachama anafanya kazi benki hiyo na anajua hesabu kabla hazijatoka. Anaweza kutusaidia?

Hapana. Kununua au kuuza kwa habari za ndani ambazo hazijatangazwa ni kosa chini ya Sheria ya Masoko ya Mitaji, kwa anayezitoa na kwa anayezitumia. Huyo akae kando ya pendekezo hilo, na kumbukumbu za kikao ziseme hivyo. Hali ni hiyohiyo kwa anayefanya kazi bandarini na kuona shehena za kampuni iliyoorodheshwa: kama si jambo la wazi kwa umma, halina nafasi kwenye karatasi.

Tuweke kiasi gani katika hisa moja?

Kwa chama chenye shilingi milioni 1.7, hisa 5,000 kwa 33 pamoja na ada ni shilingi 168,300, karibu sehemu moja ya kumi. Hali mbaya tuliyoihesabu ingeondoa takriban 21,300. Lakini kuna hali isiyo kwenye hesabu: hisa kusimamishwa kuuzwa. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa Julai 2020 na kurudi sokoni Januari 2025. Kwa zaidi ya miaka minne hakuna sharti la kuuza ambalo lingefanya kazi, hata liandikwe vizuri namna gani. Ndiyo sababu hatuvuki sehemu moja ya kumi, hata hoja iwe nzuri vipi.

Baada ya kura kupita, nini kinafuata?

Agizo linakwenda kwa dalali likiwa na bei ya juu, 33, na tarehe ya kumalizika. Malipo na hisa hukamilishwa siku ya tatu ya kazi baada ya mauziano, na hisa ziingie kwenye akaunti ya chama katika hifadhi kuu, si ya mwekahazina binafsi hata kwa muda. Karatasi ya pendekezo, zile bei zisizo na majina na matokeo ya kura viwekwe faili moja, na mwanachama aliyepewa jukumu la ripoti ya robo ijayo aandikwe kwenye ratiba ya kikao kinachofuata tarehe ya kuchapishwa.